Mwenzako kapata jibu jingine: uhakika wako ushuke mpaka wapi?

Sisi wa epistemolojia, tawi la falsafa linalouliza tunajuaje tunachokijua, tuna mfano mmoja tunaoutumia mpaka umechakaa, wa bili ya mgahawa, aliuleta mwanafalsafa David Christensen mwaka 2007. Kundi la watu limekula, wanagawana bili sawasawa, mimi na mwenzangu tunapiga hesabu kichwani kila mtu kivyake. Mimi napata kila mtu atoe dola 43, yeye anapata 45. Tumeiona bili ileile, hakuna aliyelewa, na siku zote tukipiga hesabu hizi tunapatia karibu sawa. Swali: niendelee kuishikilia 43 yangu kama mwanzo?

Wengi watakwambia ndiyo, si nimepiga hesabu mwenyewe na nimeona inakubali. Sasa twende taratibu. Chukulia kila mmoja wetu anapatia mara 90 kwa bili 100, na makosa yetu hayahusiani, yaani mimi kukosea hakumfanyi yeye akosee. Kwenye bili 100, kama 81 hivi tutapatia wote, 9 nitapatia mimi peke yangu, 9 atapatia yeye peke yake, na 1 tutachemsha wote. Zile 81 zitoe kabisa, maana pale tulikubaliana. Zimebaki 19 (hiyo moja ya kuchemsha wote naihesabu humu kwa sababu watu wawili wakikosea ni nadra waangukie namba ileile), na katika hizo 19 mimi niko sahihi 9 tu. Tisa kwa 19 ni kama asilimia 47! Nilikuwa na 90 sekunde chache zilizopita, sasa hata nusu sifiki.

Na usidhani ukiwa mkali zaidi unapona. Wekeni wote asilimia 99, mkitofautiana unabaki na 49 na ushee, basi. Ukali wenu unafanya mtofautiane mara chache tu, ila siku mkitofautiana haukusaidii kitu kwa sababu na mwenzako anao uleule.

Hapo ndipo watu huja na ujanja: "lakini nimeangalia hesabu yangu, ni 43, kwa hiyo yeye ndiye kakosea, kwa hiyo leo siyo wa kiwango changu." Hii Christensen anaikataa, na mimi niko naye. Huwezi kumshusha mwenzako kwa kutumia hesabu ileile inayobishaniwa, maana na yeye anaweza kukushusha wewe hivyohivyo na 45 yake, neno kwa neno. Sababu ya kumshusha lazima itoke nje ya ubishi wenyewe.

Ila sababu za nje zipo, na hapa ndo patamu. Tuseme mwenzangu hajasema 45, kasema kila mtu atoe 450, na bili yote ya meza haifiki hapo. Hapo sitikisiki sana, tena si kwa sababu naipenda 43 yangu. Fungu la mtu mmoja haliwezi kuzidi bili nzima, hilo nalijua hata kama sijapiga hesabu yoyote, kwa hiyo kuna kitu kimemharibikia, au anatania.

Mwanafalsafa mwingine, Thomas Kelly, hakubaliani na kugawana uhakika nusu kwa nusu hivi. Yeye anauliza, bili yenyewe imeenda wapi? Kama kweli namba za kwenye karatasi zinatoa 43, basi karatasi ni ushahidi, na ukitazama maoni yetu mawili tu ni kama umeitupa, ukamweka aliyefikiri vizuri na aliyefikiri ovyo kiti kimoja. Ni hoja nzito, siidharau, na kwenye mabishano marefu ambapo unaweza kuonyesha hatua moja moja nadhani ina nguvu. Lakini kwa hesabu ya kichwani hainisaidii, kwa sababu aliyepatia na aliyekosea wote wanajisikia vilevile kwa ndani, kila mmoja anaona karatasi iko upande wake.

Kwa hiyo ukitaka kupanda tena kutoka 47, tafuta kitu kipya. Toeni kalkuleta. Au mwite mtu wa tatu wa kiwango chenu apige mwenyewe, akisema 43 basi 43 inaizidi 45 kwa angalau mara tisa, maana ili 45 iwe sahihi inabidi watu wawili tumekosea na bado tumeangukia namba ileile. Sharti asiwe amechungulia hesabu yangu. Kama kaipitia tu kwa macho akasema "mbona iko sawa", kosa langu likiwemo humo anaweza kulibeba lilivyo, na hiyo kura yake siwezi kuihesabu kama nzima.