Riba ikishalingana na msingi: kikomo cha mara mbili kwenye deni la muda mrefu

Mkopo wa mtu na mtu kati ya wafanyabiashara wa Mbuyuni hapa Moshi mara nyingi huandikwa kwenye karatasi moja ya daftari: kiasi, riba ya mwezi, tarehe, sahihi mbili na shahidi. Karatasi hiyo hainyamazi kuhusu lini riba inaanza. Inanyamaza kuhusu lini inakoma, na hapo ndipo deni dogo linapogeuka kausha damu.

Kanuni ya kuikomesha ni ya zamani. Sheria ya Kihindu iliiita damdupat, na Afrika Kusini waliirithi kutoka sheria ya Kirumi na Kiholanzi. Kwa jirani zetu Kenya imo kwenye Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika mwaka 2007. Lakini hicho kinazihusu benki, si mkopeshaji wa sokoni. Maana ya kanuni yenyewe ni hii: riba iliyolimbikizwa bila kulipwa ikishalingana na msingi, yaani kiasi kilichokopwa, inasimama. Kwa hiyo deni lote haliwezi kupita mara mbili ya msingi.

Tuchukue mama muuza mitumba aliyekopa 600,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, yaani 60,000. Asipolipa chochote, mwezi wa kumi riba inafika 600,000 na deni linakuwa 1,200,000. Mwezi wa kumi na moja haliongezeki. Kwa asilimia 20 angegonga kikomo mwezi wa tano tu. Kwa asilimia 3.5, kiwango cha juu cha mwezi ambacho Benki Kuu iliwawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana, ingechukua karibu miezi 29. Mkopo wa miezi mitatu, basi, kikomo hiki hakiusaidii kitu. Kinamlinda aliyechelewa sana.

Sasa angalia mtego wake. Tuseme mama yuleyule halimbikizi, bali kila mwisho wa mwezi anapeleka 60,000 yake bila kukosa. Baada ya miaka miwili ametoa 1,440,000, na msingi wa 600,000 bado uko palepale. Kikomo hakijaguswa, kwa sababu kwa kanuni ya zamani kinachohesabiwa ni riba iliyobaki bila kulipwa, si iliyokwisha kulipwa. Mlipaji mwaminifu anaumia kuliko aliyekaa kimya. Naliona hili kuwa kasoro kubwa, na dawa yake ni maneno ya mkataba. Usiandike "deni lisizidi mara mbili" ukaishia hapo. Andika hivi: "Riba yote, iliyolipwa na isiyolipwa, tangu siku ya kwanza, haitazidi 600,000." Hapo mama angemaliza riba mwezi wa kumi, na kila shilingi baada ya hapo ingepunguza msingi.

Taja tarakimu, si "mara mbili" peke yake. Mmoja atasema jumla ni mara mbili, 1,200,000; mwingine atasema riba ndiyo mara mbili, jumla 1,800,000. Wote watakuwa wanasoma mstari uleule.

Kuna jambo la pili linalowashangaza wengi. Deni limesimama kwenye 1,200,000, mkopaji anapata 200,000 na kuzipeleka. Kwa kawaida malipo huanza kula riba, kwa hiyo riba inashuka hadi 400,000 na nafasi inafunguka tena: 60,000 inaanza kuongezeka kila mwezi, na baada ya miezi minne deni limerudi 1,200,000 kana kwamba hakulipa. Ndiyo maana baada ya kikomo kufikiwa, mkubaliane kwa maandishi kwamba malipo yanaenda kwenye msingi na riba haifufuki.

Njia rahisi zaidi ya kukivunja kikomo ni karatasi mpya. Mwezi wa tano mkopeshaji anasema, "Tuandike upya, tusichanganyikiwe," na karatasi inasomeka "amekopa 900,000". Riba ya 300,000 imegeuka msingi, kikomo kimehama kutoka 1,200,000 hadi 1,800,000, na riba ya mwezi imepanda hadi 90,000. Utaitambua kwa swali moja: siku ya kusaini, fedha taslimu ngapi zimetoka mkononi? Kama hakuna hata shilingi, huo si mkopo mpya. Andika juu ya karatasi "mwendelezo wa deni la 600,000 la tarehe fulani", na ile ya zamani usiichane.

Faini ya kuchelewa na "nauli ya kufuatilia" nazo ziingizwe ndani ya kikomo kwa kutajwa, maana zikiachwa nje ndizo zitakazobeba riba iliyozuiwa. Kwenye daftari chora safu nne: tarehe, kilicholipwa, kilichokwenda riba, kilichokwenda msingi. Kila malipo wote wawili waweke sahihi, na jumla ya safu ya riba iandikwe upya chini kila mara, ili siku itakapofika 600,000 ionekane kwa macho.