Chai ya kupunguza mwili na dawa isiyoandikwa

“Chai ya kupunguza mwili ni majani tu, itanidhuru nini?”

Pakiti inaweza kuandikwa majani matupu, kumbe ndani mna sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Kwa ladha huitambui. Tuseme dada wa Mtwara mjini amekunywa kikombe asubuhi: mchana hata samaki wa kuchoma hamtamani, mdomo umekauka, usiku hana usingizi. Majani ya kawaida hayakati njaa hivyo kwa siku moja. Aache hapo hapo. Mapigo ya moyo yakizidi 100 kwa dakika akiwa ametulia, aende kituo cha afya na pakiti yake. Mwenye presha, tafadhali, asiijaribu kabisa.