Boksi la katikati: kigeu kinachovuruga, kinachopitisha na kinachorekebisha

Mapendekezo mengi ya utafiti yanayofika mezani kwangu yana mchoro uleule. Kushoto kuna boksi la kigeu huru, kulia kuna boksi la kigeu tegemezi, na katikati kuna boksi moja kubwa lililoandikwa "vigeu vya kati". Ndani yake mmejaa umri, jinsia, kipato, sera ya serikali na mtazamo wa jamii, kama mizigo kwenye buti la basi la mkoani. Mwanafunzi mmoja niliyemuuliza kwa nini kipato kimekaa pale alinijibu kwa unyoofu kabisa: "Dokta, nilikiona kwenye tasnifu ya aliyenitangulia."

Shida ya boksi lile ni kwamba linachanganya vitu vitatu vyenye kazi tofauti, na kila kimoja kinadai kitendewe kivyake wakati wa uchambuzi. Ukikosea hapo, kompyuta haitakuonya. Itakupa majibu safi, yenye desimali tatu, ambayo si ya kweli.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Tunataka kujua kama mtoto chini ya miaka mitano anayelala ndani ya chandarua chenye dawa ana nafuu ya upungufu wa damu. Chandarua ni kigeu huru, upungufu wa damu ni kigeu tegemezi. Takwimu nitakazozitaja nimezitunga mwenyewe ili hesabu ikae vizuri kichwani, msizinukuu popote.

Tuseme tumepima watoto 400. Nusu wanalala ndani ya chandarua, nusu hawalali. Kati ya 200 wenye chandarua, 70 wana upungufu wa damu, yaani 35 katika kila mia. Kati ya 200 wasio nacho ni 110, yaani 55 katika kila mia. Tofauti ni watoto 20 katika kila mia. Hapo wengi hufunga daftari na kuanza kuandika sura ya matokeo.

Lakini ni nani wenye vyandarua? Tugawe kaya mafungu mawili, zenye nafuu na zile duni. Katika kaya zenye nafuu, watoto 150 wana chandarua na 50 hawana. Katika kaya duni hali inageuka: 50 wanacho na 150 hawana. Sasa tuhesabu upya ndani ya kila fungu. Kwenye kaya zenye nafuu, wenye chandarua wenye upungufu wa damu ni 45 kati ya 150, sawa na 30 katika mia. Wasio nacho ni 20 kati ya 50, sawa na 40 katika mia. Kwenye kaya duni ni 25 kati ya 50 dhidi ya 90 kati ya 150, yaani 50 katika mia dhidi ya 60 katika mia. Jumlisheni, mtapata 70 na 110 zilezile za mwanzo. Ila tofauti ndani ya kila fungu ni 10, si 20. Nusu ya sifa tuliyokipa chandarua ilikuwa ya kipato.

Hicho ndicho kigeu kinachovuruga. Alama yake ni kwamba mshale unatoka kwake kwenda pande zote mbili: kipato kinaamua nani ana chandarua kizima na anakitumia, na kipato hichohicho, kwa njia zake nyingine kama nyama, maharage na nauli ya kwenda zahanati, kinaamua nani ana damu ya kutosha. Kinatangulia vyote viwili. Kwa hiyo lazima kidhibitiwe, ama kwa kugawa mafungu kama tulivyofanya, ama kwa kukiingiza kwenye modeli. Na kipimwe vizuri. Ukimuuliza mkulima "kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani?" atakutajia namba ya kukuridhisha tu. Angalia paa, sakafu, redio, baiskeli, mifugo. Kigeu kinachovuruga kikipimwa hovyo, sehemu ya uvurugaji wake inabaki ndani ya majibu hata kama jina lake lipo kwenye jedwali.

Njia nyingine ni kuukata mshale wenyewe kwa kura. Ndivyo ilivyofanyika Kilifi miaka ya 1990, pamoja na jaribio la Ghana: maeneo ya kupata vyandarua vyenye dawa yalichaguliwa kwa kubahatisha, kwa hiyo utajiri wa kaya haukuwa na kauli katika nani apate. Ushahidi kwamba vyandarua vinapunguza vifo vya watoto umesimama juu ya kura hiyo. Mwanafunzi wa uzamili hana fedha za kufanya hivyo, ndiyo maana anahitaji mchoro sahihi.

Sasa kigeu kinachopitisha. Wako wanaokiita kigeu patanishi. Mimi jina hilo silipendi, kwa sababu hapa hakuna waliogombana. Kazi yake ni kupitisha athari, kama mfereji unavyopeleka maji shambani. Chandarua hakiongezi damu. Kinazuia mbu, mbu wakizuiwa maambukizi ya malaria yanapungua, na vimelea visipopasua chembe nyekundu, damu inabaki. Malaria imekaa njiani: chandarua, malaria, damu.

Mtego uko hapa. Mwanafunzi aliyekwisha jifunza kudhibiti kipato hunogewa, akadhibiti kila alichopima, malaria ikiwemo. Turudi kwenye kaya duni tuone kinachotokea. Kati ya watoto 50 wenye chandarua, tuseme 20 wana malaria na 30 hawana. Kati ya 150 wasio na chandarua, 90 wana malaria na 60 hawana. Wenye malaria wenye upungufu wa damu ni 16 kati ya 20 upande mmoja, na 72 kati ya 90 upande wa pili. Wote ni 80 katika mia. Wasio na malaria ni 9 kati ya 30 na 18 kati ya 60, wote 30 katika mia. Chandarua hakina tofauti yoyote! Mwanafunzi anaandika kwamba vyandarua havisaidii, na anapendekeza fedha zielekezwe kwingine. Kumbe alichofanya ni kuziba mfereji, kisha akashangaa shamba halipati maji.

Ukitaka kujua chandarua kinasaidia kwa jumla kiasi gani, kigeu kinachopitisha usikiguse. Ukitaka kujua kinasaidia kwa njia gani, pima vipande viwili vya njia. Kipande cha kwanza: chandarua kimeshusha malaria kutoka 60 hadi 40 katika mia, yaani 0.20. Kipande cha pili: malaria inapandisha upungufu wa damu kutoka 30 hadi 80 katika mia, yaani 0.50. Zidisha, unapata 0.10, ambayo ndiyo ile tofauti ya watoto 10 katika mia. Athari yote imepita kwenye malaria.

Katika maisha halisi hesabu haitoki safi hivyo. Lishe duni, kwa mfano, huenda ikagusa malaria na damu kwa pamoja, kwa hiyo kile kipande cha pili nacho kina mvurugaji wake, na kura ya vyandarua haimwondoi. Kuna pia suala la wakati. Kama chandarua, malaria na damu vyote vimepimwa siku moja, hujui kilichotangulia. Kwa dodoso la siku moja mimi huwashauri waandike "inaelekea kupitia" na wasiende mbali zaidi.

Cha tatu ni kigeu kinachorekebisha. Hiki hakiko njiani, wala hakihitaji kuwa chanzo cha chochote kati ya viwili vile. Kinaamua mshale wenyewe uwe mnene au mwembamba. Mfano mzuri ni ukinzani wa mbu dhidi ya dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo ndizo zilizotumika kwenye vyandarua kwa miaka mingi. Tuseme kata moja mbu bado wanakufa, na chandarua kinashusha malaria kutoka 60 hadi 30 katika mia. Kata ya jirani mbu ni sugu, na chandarua kilekile kinashusha kutoka 60 hadi 52. Ukitoa wastani wa kata mbili utapata namba isiyomhusu mtu wa kata yoyote.

Muleba, mkoani Kagera, tuna ushahidi mzuri. Mbu wa kule walikuwa sugu, na watafiti wakalinganisha vyandarua vya kawaida na vile vilivyoongezwa kemikali ya PBO, ambayo huzuia vimeng'enya vinavyomsaidia mbu kuivunja dawa mwilini. Vyandarua vya PBO vilifanya vizuri zaidi, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza kwa maeneo yenye ukinzani wa aina hiyo.

Sasa mchoro unaweza kuchorwa. Tazameni ule mshale wa chini unakoishia:

```
             KIPATO CHA KAYA
           /                 \
         v                     v
  CHANDARUA ---> MALARIA ---> UPUNGUFU WA DAMU
             ^
             |
      UKINZANI WA MBU
```

Mshale wa ukinzani hauingii kwenye boksi; unagonga mshale mwingine. Mshale wa moja kwa moja kutoka chandarua hadi damu sikuuchora, kwa sababu siioni njia nyingine ya maana ya kibiolojia. Kila mshale ni dai, na mshale usiokuwepo nao ni dai. Mtahini ana haki ya kukuuliza juu ya vyote viwili.

Kwenye programu ya takwimu ya R mchoro huo unageuka mistari hii:

```
glm(damu ~ chandarua + kipato, family = binomial)
glm(damu ~ chandarua + kipato + malaria, family = binomial)
glm(malaria ~ chandarua * ukinzani + kipato, family = binomial)
```

Wa kwanza unatoa athari ya jumla. Wa pili ndio ule mtego, kama unausoma kana kwamba ni wa kwanza. Wa tatu unapima urekebishaji, na jibu lake liko kwenye `chandarua:ukinzani`. Jiandaeni kwa sampuli kubwa: hata pale makundi yanapolingana, kugundua urekebishaji wenye ukubwa sawa na athari kuu kunahitaji watu karibu mara nne. Kwa hiyo kukosa ushahidi kwa watoto 200 hakumaanishi kwamba urekebishaji haupo.

Kuna jambo moja ambalo hata wenzangu hulisahau. Rudini kwenye kipato. Kwa kutoa, chandarua kiliokoa watoto 10 katika mia kwenye mafungu yote mawili, kwa hiyo kipato hakirekebishi kitu. Kwa kugawanya, 30 kwa 40 ni 0.75, na 50 kwa 60 ni 0.83, kwa hiyo kinarekebisha kidogo. Data ni zilezile. Ukisema kigeu fulani kinarekebisha au hakirekebishi, taja kwamba ulitoa au uligawanya.

Yule mwanafunzi alirudi baada ya wiki mbili. Boksi la katikati limebaki na malaria peke yake, kipato kimepanda juu, jinsia ameiondoa kabisa. "Na sera ya serikali?" nikamuuliza. Akacheka: "Dokta, wilaya nzima ina sera moja. Ningeilinganisha na nini?"