Feni Haisukumi Tu, Inavuta: Kuhusu Mapambo Yanayoning'inia Sebuleni

Kwa mara nyingine tena nimeambiwa, na mwenye nyumba aliyekuwa ameshika riboni mkononi na kuielekeza darini, kwamba feni ya darini haina neno kwa sababu upepo wake unakwenda chini, na kwa hivyo kitu kilichofungwa juu ya dari hakiwezi kuguswa. Nimeyasikia maneno hayo hapa Mombasa, Majengo, Tudor, Kizingo na Bamburi, kwenye akika, harusi na siku za kuzaliwa, kutoka kwa watu wenye busara kabisa katika mambo mengine. Kazi yangu ni kupamba nyumba za watu, na nimechoka kulijibu jambo hili kwa dakika mbili nikiwa juu ya ngazi, kwa hivyo leo nitalieleza kwa kirefu.

Upepo unaoshuka chini ya feni hautoki ndani ya mota, bali ni hewa iliyochotwa kutoka juu ya mapanga na pembeni mwake. Ukishafika sakafuni hutawanyika kuelekea kutani, ukapanda na kuta, kisha ukarudi ukipita karibu na dari kuelekea katikati, na huko huvutwa tena na mapanga. Mzunguko huu hauishi muda wote feni inapowaka. Maana yake ni kwamba riboni iliyobandikwa darini iko hasa katika njia ya hewa inayorudi, na hewa hiyo inaisogeza kuelekea kwenye feni. Anayetaka kuuona mzunguko huu kwa macho na aweke feni kwenye namba 1, akae na chetezo chenye udi karibu na ukuta, mbali na pambo lolote, na autazame moshi: utapanda, kisha utainama kuelekea katikati ya chumba. Kwenye namba 5 moshi hutawanyika mno usionekane, lakini njia ni ile ile na nguvu ni kubwa zaidi.

Tuje kwenye vipimo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopima kitu kisichohitajika. Wanapima umbali kati ya pambo na panga wakati feni imezimwa na riboni imetulia wima. Kipimo hicho hakina faida. Kinachotakiwa kupimwa ni mahali ambapo ncha ya pambo inaweza kufika ikiwa itanyooshwa yote kuelekea feni, kuanzia pale ilipofungwa. Feni ya inchi 56, ambayo ndiyo iliyo katika nyumba nyingi za hapa, ina takriban sentimita 70 kutoka kitovu hadi ncha ya panga. Kwa hivyo riboni ya sentimita 40 ifungwe si chini ya sentimita 130 kutoka kitovu cha feni: sabini za panga, arobaini za riboni, na ishirini za tahadhari. Hizo ishirini, niseme wazi, ni uamuzi wa jicho na mazoea. Sijazipata kwa hesabu yoyote, na mpambaji mwenzangu anaweza kuweka thelathini nisibishane naye. Kinachonifanya nisiziondoe ni kwamba kwenye namba 5 feni nyingi za aina hii huzunguka zaidi ya mara 300 kwa dakika, na ncha ya panga inakwenda karibu kilomita 80 kwa saa. Riboni ikiguswa na kitu chenye mwendo huo haipati nafasi ya kurudi nyuma.

Nichukue sebule moja ya Tudor. Chumba kilikuwa na urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.6, dari la zege, na feni ya inchi 56 katikati kabisa. Familia ilikuwa imenunua riboni za mita moja za kuning'iniza dari zima, pamoja na kamba ya bendera ndogo ya mita tano, na wazo lao lilikuwa kuifunga kamba hiyo kwenye fimbo ya feni na kuivuta hadi pembeni. Hilo la kufunga kitu kwenye fimbo ya feni, au kwenye kikombe kinachoifunika juu, sitalijadili. Halifanywi.

Riboni ya mita moja inahitaji sentimita 190 kutoka kitovu. Katikati ya kuta ndefu za chumba kile ni sentimita 180 tu kutoka kitovu, kwa hivyo hapo riboni hizo hazikufaa hata zikibandikwa mahali ukuta unapokutana na dari. Katikati ya kuta fupi, palipo sentimita 210 kutoka kitovu, zingefaa katika ukanda wa sentimita 20 tu. Lakini pembe za chumba ziko karibu sentimita 277 kutoka kitovu, na huko kuna nafasi ya kutosha. Tukaziweka riboni ndefu pembeni, zikafungamana kama vishada vinne, na nyingine tukazikata zikabaki sentimita 40 na kuzipanga kandokando ya kuta. Katikati ya dari pakabaki patupu. Mama wa nyumba hakufurahi mwanzoni, na ninamwelewa, kwa kuwa macho ya mgeni anayeingia huenda katikati. Ila katikati ya sebule hiyo tayari pana mwenyewe.

Kamba ya bendera ndiyo iliyotuchukulia muda mrefu zaidi, na ndiyo ninayotaka isomwe kwa makini. Kamba iliyofungwa ncha mbili inaonekana salama kwa kuwa imekazwa. Swali ni itakuwaje ncha moja ikiachia, na hapa Mombasa ncha huachia. Kuta zilizopakwa chokaa hutoa unga, hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, na selotepu iliyoshika vizuri jioni hukutwa alfajiri imejikunja. Kamba ya mita tano iliyoachia upande mmoja si pambo la ukutani tena. Ni kitu chenye uwezo wa kufika popote ndani ya mita tano, na hewa inayorudi kwenye feni inakionyesha njia. Kwa sababu hiyo sikubali kamba ipite juu ya chumba kutoka ukuta hadi ukuta, hata kama imekazwa vipi. Tuliilaza kwenye ukuta mrefu juu ya kochi, ikashikwa na vijimisumari kila baada ya sentimita 40. Kutoka ukuta huo hadi ncha ya panga kuna sentimita 110. Msumari wa mwisho na wa pili yake vikitoka pamoja, kipande kitakachobaki huru ni sentimita 80, na ukiongeza sentimita 20 za bendera yenyewe unafika mita moja. Bado hakigusi. Kama ukuta hauruhusu misumari, kwa mfano nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe hataki matundu, ninaifupisha kamba au ninaikata vipande vya nusu mita, kila kipande kikishikwa peke yake.

Kuna jibu ambalo hutolewa hapa kila mara: "Tutaizima feni siku hiyo." Ningependa kuwaamini, lakini nyumba yenye watoto, mashangazi, majirani na wageni wanaoingia na kutoka haina mtu mmoja anayemiliki swichi. Kaskazi ya mwezi wa Januari ikikaba, bibi mzee atasema, "Mwanangu, niwashie feni," na hakuna mjukuu mwenye adabu atakayemjibu kwamba kuna riboni. Halafu kuna umeme unaokatika: mtu hubonyeza swichi gizani asijue imewashwa au imezimwa, kisha umeme ukirudi feni inaanza yenyewe watu wakiwa ukumbini. Karatasi niliyowahi kubandika juu ya swichi ilibanduliwa kabla chakula hakijapakuliwa. Hivyo pambo lipangwe kana kwamba feni itawaka kwenye namba 5, kisha liangaliwe ikiwa imewashwa kweli: kipande kimoja kwanza, kilicho karibu zaidi na feni, watu wote wakiwa nje ya duara la mapanga, namba moja baada ya nyingine, na madirisha yakiwa wazi kama yatakavyokuwa siku yenyewe. Upepo wa kusi ukiingia dirishani huweza kuisukuma riboni upande ambao feni peke yake isingeupeleka.

Baluni za gesi zinastahili sentensi zao. Mtoto akiiachia, inapanda darini na kufuata ile ile hewa inayorudi, ikiburura uzi wake hadi kwenye mapanga. Ifungwe kwenye kitu kizito, na urefu wa uzi pamoja na baluni yenyewe uwe mfupi kuliko umbali uliopo kati ya kizito hicho na ncha ya panga.

Kuhusu taa nitasema machache. Balbu ya zamani ya kioo chenye waya ndani, na hasa zile ndogo za halojeni zinazofichwa kwenye dari la jipsamu, huwa na joto la kuunguza karatasi ya krepu na kupasua baluni, na kitambaa kisizifunike wala kuzigusa. Baadhi ya taa huwa na alama ndogo ya umbali, kama 0.5 m, na alama hiyo ifuatwe. LED ina joto dogo kwa mbele, ila shina lake huchemka, kwa hivyo nalo lisifungwe riboni. Umbali wowote wa taa upimwe feni ikiwa imewaka, kwa sababu pambo lililo mbali na balbu asubuhi linaweza kuwa linaiegemea usiku.

Hita ya kupasha chumba joto ni nadra mjini kwetu. Iliyopo ipewe mita moja kila upande, na mita hiyo hiyo nawapa jiko na pasi. Kinachonipa wasiwasi ni chetezo, kwa kuwa hakikai mahali pamoja. Hubebwa mkononi chenye makaa, kikapitishwa kwa wageni, kikafukizwa nguo na mapazia, na anayekibeba huangalia watu, haangalii juu. Katika njia ambayo chetezo hupita, ninayakata mapambo yote yaishie juu ya kimo cha mkono ulionyooshwa.

Na ikiwa riboni imekwisha kunaswa, asiinuke mtu kuidaka. Izimwe swichi ya ukutani, isubiriwe hadi mapanga yasimame kabisa, ndipo utepe ufunguliwe kinyume cha ulivyojizungusha, bila kuukata kwa kuuvuta, kwa kuwa kipande kitakachobaki juu ya mota hakionekani kutoka chini. Kabla ya kuiwasha tena, pimeni kutoka dari hadi ncha ya kila panga, mkiyazungusha kwa mkono yafike mahali pamoja. Likitofautiana moja na mengine kwa kiasi kinachoonekana kwenye tepu, au feni ikiyumba, ikigonga au ikitoa harufu ya kuungua inapowashwa, izimwe na aitwe fundi wa umeme. Kama kilichonaswa kilikuwa waya wa taa za mapambo, usiguswe kabisa kabla umeme haujazimwa kwenye swichi kuu, kwa sababu ganda la waya huo huenda limekwisha chunwa.