Menyu ni ya nani? Kubadili lugha ya simu kabla ya kumtumia mhudumu picha ya skrini

Wateja wengi ninaowahudumia hutumia Android kwa Kiswahili, na shida huanza pale mhudumu wa programu fulani aliye ng'ambo anapowaandikia wafungue `Settings > Apps > Battery`, kisha wamtumie picha ya ukurasa huo. Mteja hupiga picha yenye maandishi ya "Mipangilio" na "Betri", naye mhudumu, ambaye hasomi Kiswahili, hujibu kwa kurudia maelekezo yale yale. Kubadili lugha kunalimaliza jambo hilo, ila sharti kwanza mtu ajue menyu anayotaka kuipiga picha inamilikiwa na nani.

Kurasa za mipangilio ni mali ya mfumo wa simu, kwa hiyo hufuata lugha ya mfumo. Menyu zilizo ndani ya programu ni za programu yenyewe, na kuanzia Android 13, iliyotoka mwaka 2022, programu inayokubali utaratibu huo inaweza kupewa lugha yake pekee kupitia ukurasa wa `App languages`, simu nzima ikabaki katika Kiswahili. Kurasa za akaunti ya Google kwenye kivinjari zina mpangilio wao tofauti, na kwa picha moja tu inatosha kufungua anwani iliyoongezewa `hl=en` mwishoni:

```
https://myaccount.google.com/?hl=en
```

Menyu ya M-Pesa ya Vodacom Tanzania, ile ya *150*00#, nayo hutoka kwa mtandao wa simu, wala haisikii amri yoyote ya mipangilio ya simu. Lugha yake hubadilishwa ndani ya huduma yenyewe.

Tuchukue mfano wa mteja ambaye arifa za programu yake ya ujumbe huchelewa mpaka aifungue. Mhudumu anataka kuona kama matumizi ya betri ya programu hiyo yamewekwa kwenye `Unrestricted`. Wengi hapa hukimbilia kubadili lugha ya programu, halafu wanashangaa kuona ukurasa wa betri ungali katika Kiswahili, ilhali ukurasa huo ni wa mfumo hata kama juu yake pameandikwa jina la programu. Kwa hiyo itabidi lugha ya mfumo ndiyo ibadilishwe.

Katika Android ya kawaida, fungua Mipangilio, ingia Mfumo, kisha sehemu ya lugha. Kwenye simu za Samsung sehemu hiyo imo ndani ya `General management`. Kabla ya kugusa chochote, piga picha ya ukurasa huo jinsi ulivyo. Ongeza English, uchague `United States`, kisha uikokote hadi juu ya orodha na kuiacha Kiswahili nafasi ya pili. Usiifute Kiswahili, kwa sababu ikiwa bado imo kwenye orodha, kurudi ni kuikokota tu. Ninasisitiza nchi kwa kuwa miongozo mingi hufuata Kiingereza cha Marekani: ukichagua cha Uingereza, Gmail itakuonyesha `Bin` mahali ambapo mwongozo unasema `Trash`, na mtafaruku utaanza upya.

Baada ya hapo rudi kwenye ukurasa wa betri na upige picha kwa kubonyeza kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti. Angalia kwanza sehemu ya juu ya skrini, kwani arifa yenye namba ya siri ya muda au salio inaweza kuingia kwenye picha bila wewe kutambua.

Ujumbe wa hitilafu una tabia yake. Arifa iliyokwisha kuonekana hubaki na maneno iliyotolewa nayo, hata lugha ikibadilishwa dakika ileile. Anayetaka kosa lionekane kwa Kiingereza hana budi kubadili lugha kwanza, kisha alisababishe kosa hilo tena. Lisipojirudia, hutuma picha ya awali ya Kiswahili pamoja na picha ya ukurasa husika katika Kiingereza, na mhudumu hulinganisha mahali pa vitufe.

Ukipotea njiani, tafuta alama ya dunia ndani ya mipangilio ya mfumo, maana katika Android ya kawaida ndiyo huashiria lugha. Kutafuta kwa jina hakutasaidia sana, kwa kuwa kisanduku cha utafutaji huorodhesha kurasa kwa lugha inayotumika wakati huo. Fundi mwenye kompyuta, ikiwa simu iliruhusiwa mapema kupokea amri za `adb`, anaweza kuufungua ukurasa wa lugha moja kwa moja:

```
adb shell am start -a android.settings.LOCALE_SETTINGS
```

Mkirejesha Kiswahili juu, kagueni na kibodi, kwani kibodi iliyowekwa ifuate lugha za mfumo huweza kuendelea kusahihisha maneno yenu kwa Kiingereza mpaka English iondolewe kwenye orodha.