Kona ya kiti si nukta moja

Juzi fundi seremala wa Keko alinitumia picha za viti vya mninga, anataka viondolewe ukuta wa kijani viwekwe kwenye nyeupe. Kwa samani situmii zana zinazochagua kwa kufuata rangi. Mguu wa mninga ukiingia kwenye kivuli chake hauachani tena na sakafu. Zana hapo inapotea, jicho haliipotezi. Kwa hiyo nafungua Photoshop, nabonyeza P kupata kalamu, na juu nahakikisha imeandikwa Path, si Shape.

Mguu ulionyooka hauna kazi: bofya juu, bofya chini. Shughuli iko kwenye kona. Ukiiangalia kwa asilimia 100 unaiona kali kama wembe, nawe unaweka nukta moja pale nchani. Sasa ivute hadi 300. Fundi ameipiga msasa, imeviringika kama pikseli sita hivi, na nukta yako imebeba kipembe cha ukuta wa kijani. Mimi naweka mbili: moja pale mstari unapoanza kupinda, nyingine pale kupinda kunapoisha. Kila moja naiburuta kidogo kufuata mstari wake ulionyooka, basi duara dogo linajichora lenyewe katikati.

Kwenye egemeo lililopinda mambo yanageuka. Hapo wengi hurundika nukta kumi, kingo inatoka na mawimbi kama bati la mgongo. Mbili za mwisho na moja kileleni zinatosha, ile ya kileleni mikono yake, vile vijiti vinavyochomoza ukiiburuta, ilale sambamba na sehemu hiyo ya mpindo. Mstari usipokaa sawa, shikilia Ctrl uvute mkono kwanza. Kuongeza nukta ni baadaye.

Mstari wote naupitisha pikseli moja ndani ya mbao. Pikseli za ukingoni zimechanganya mbao na ukuta, na ukiziacha, kiti kikikaa kwenye nyeupe kinavaa uzi wa kijani kuzunguka.

Nafasi kati ya fito za egemeo nazichora mwisho, baada ya kubadili Path operations pale juu kuwa Exclude Overlapping Shapes, la sivyo zinabaki zimejaa ukuta. Kisha, kabla ya lolote, nabofya mara mbili Work Path kwenye paneli ya Paths na kuipa jina. Niliwahi kupoteza kazi ya saa nzima: niliiacha bila jina, nikaanza kuchora kiti cha pili, cha kwanza kikafutika kimyakimya.

Nikimaliza nakwenda Layer, Vector Mask, Current Path, halafu kwenye Properties naweka Feather 0.5 px. Lenzi haikati kingo kwa kisu, kwa hiyo ukingo mkavu kabisa unafanya kiti kionekane kimebandikwa.

Kimoja kati ya viti vile kilikuwa na kikalio cha kamba za katani zenye nyuzi zilizochomoza. Fremu nimeikata kwa kalamu, nyuzi nikazimalizia kwa brashi kwenye barakoa ya kawaida. Kuzifuata moja moja kwa nukta ni kujitafutia kesha.