"Nitachelewa. Kuleni.": ujumbe mkavu kwa mwenzi na namna ya kuuandika upya

Mume yuko kazini bandarini, Dar es Salaam, na kontena limechelewa kutoka. Mkewe anauliza, "Unarudi saa ngapi?" Anajibu: "Nitachelewa. Kuleni." Hana hasira yoyote, amechoka tu. Huko nyumbani mke anausoma mara tatu akijiuliza amekosa nini.

Dhana: Ukiongeza majina matamu, ujumbe utapata joto.

Ukweli: Hebu soma hii: "Malaika wangu, asali wa moyo, nitachelewa. Kuleni." Ukavu uko palepale, umepakwa sukari tu. Na kama mume hana mazoea ya kumwita hivyo, mke atashtuka: leo kuna nini?

Kilichokosekana ni sababu ya kuchelewa, na mke mwenyewe. Ujumbe ule ungeweza kwenda kwa shemeji anayekaa hapo nyumbani bila kubadilishwa hata herufi. Mimi hupima hivyo: unaoweza kutumwa kwa yeyote wa nyumbani ni mkavu, unaoweza kutumwa kwa mpenzi yeyote duniani umezidi sukari. Unaotafutwa ni ule unaomfaa huyu mmoja.

Basi ataje sababu na saa, kisha amwingize yeye: "Mama Zaituni, kontena bado halijatoka, nitafika kama saa nne. Kuleni msinisubiri, ila niwekee ukoko."

Penzi limekaa kwenye ukoko, kwa sababu mke ndiye anayejua kwamba mumewe huugombania na watoto. Halafu angalia "niwekee". Angeandika "weka ukoko", ingebaki amri. Kauli ya kutendea inageuza tendo lile lile kuwa jambo ninalofanyiwa mimi, na wewe. Ndiyo maana "nipigie ukifika" ina ukaribu ambao "piga simu ukifika" haina.

Dhana: Ujumbe wa upendo lazima uwe mrefu.

Ukweli: Mke akiandika kwamba umeme umekatika tangu mchana, "Sawa" inauma. "Pole na giza, mama" ni maneno manne na yanatosha. Lakini pole itaje jambo alilolisema, ndipo ajue umemsoma. "Pole" tupu hata jirani huipata njiani.

Dhana: Hata ukiwa umeudhika, lainisha tu.

Ukweli: Hapa nakataa kabisa. Kopa zikipangwa juu ya kinyongo, mwenzako ataambiwa uongo, na ataugundua ukifika mlangoni. Badala ya "Poa." iliyojaa hasira, andika: "Maneno ya jana bado yananiuma. Nikirudi tuyaongee, mimi na wewe, watoto wakishalala." Haina neno tamu hata moja, lakini imemwambia kwamba unarudi na kwamba unataka kuongea naye.